Hewa Isiyo na Pa Kutokea

Nilisema Kiswahili kabla ya Kiganda, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa kosa langu. Babu yangu aliletwa Uganda na jeshi la wakoloni kutoka Sudani akiwa Mnubi wa kubeba bunduki, baba akavaa sare baada yake, na sisi watoto tukakulia kwenye nyumba ambayo Kinubi kilikuwa cha jikoni na Kiswahili kilikuwa cha amri. Shuleni wenzangu walinicheka. Walisema hiyo ni lugha ya askari na wezi. Nilipoanza kazi ya uuguzi kwenye hospitali moja hapa Kampala, wodi ya dharura, muuguzi mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Sista Mkuu, aliniambia wiki ya kwanza nisiongee Kiswahili mbele ya wagonjwa kwa sababu kinawatia hofu. Nikamjibu kwamba wapo wagonjwa ambao hofu yao ni kukosa mtu wa kuwaelewa. Hakulipenda jibu hilo. Tuliishi hivyo, yeye na mimi, miaka kumi na mmoja kabla ya siku ninayotaka kuisimulia.

Siku hiyo mchana aliingia kijana mmoja Mkongomani akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Walikuwa wafanyabiashara wa vitenge. Walikuja Kampala kila baada ya miezi michache, wakalala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko la Kikuubo, wakanunua mzigo, wakarudi kwao. Alikuwa mrefu kupita mlango wetu, mwembamba, kifua bapa, vidole virefu vya njano kwa sigara. Alitembea ameinama upande wa kushoto kama mtu anayelinda yai chini ya kwapa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana pia, mwaka wake wa pili tangu amalize chuo. Alimwuliza maswali kwa Kiingereza, kisha kwa Kiganda. Mkongomani alitikisa kichwa. Daktari akaandika neno "vidonda vya tumbo" na alama ya kuuliza, kwa sababu mkononi mwa dada mtu kulikuwa na bahasha ya dawa za vidonda vya tumbo. Walikuwa wameanzia kwenye kliniki ndogo ya uchochoroni, wakapewa hizo na kuambiwa akalale.

Nikasogea. "Ndugu yangu, inauma wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake kwenye umati. "Kifua, mama. Upande huu. Inanikata. Nikivuta pumzi ni kama kisu iko ndani."

"Ilianza vipi?"

"Mara moja. Sikubeba kitu. Nilikuwa nasimama tu dukani, nashika kikombe cha chai."

Dada yake akaongeza, "Kikombe kilianguka, mama. Nikafikiri amepigwa na mtu."

Maumivu yanayokuja taratibu yana mambo mengi ya kusema. Maumivu yanayomwangushia mtu kikombe mkononi akiwa amesimama tu yana machache. Nikamwuliza kama yanapanda begani. Yanapanda. Kama anaweza kuvuta pumzi mpaka mwisho. Hawezi. Nikaweka stetoskopu upande wa kulia wa kifua, nikasikia hewa ikiingia na kutoka. Nikaihamishia kushoto. Hakukuwa na kitu. Nikagonga mbavu kwa kidole, kulia kisha kushoto, na kushoto kukatoa mlio kama wa debe tupu.

Nikamwambia daktari, "Pafu la kushoto limesinyaa. Huyu hana vidonda vya tumbo."

Nitamsifu kijana yule kwa jambo hili: hakuona haya. Alikuja, akasikiliza mwenyewe, akakata lile neno kwa kalamu na kumpeleka mgonjwa eksirei. Picha ilipotoka aliniita niione. Upande wa kulia pafu lilijaza kifua, mishipa yake ikionekana kama matawi. Upande wa kushoto kulikuwa na weusi mtupu, na pafu lenyewe lilikuwa limejikunja katikati, karibu na moyo. Akaandika jina lake la kitabuni, nyumothoraksi.

Dada mtu aliniuliza ni nini, na kwa nini inaumiza hivyo kama hakuna aliyempiga. Nikasimama naye dirishani, picha nimeielekeza kwenye mwanga.

"Pafu lina utando wake mwembamba," nikamwambia. "Na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando. Tando hizi mbili hukaa zimegusana, zimelowa kidogo, kama vioo viwili vyenye maji katikati. Ndiyo maana kifua kikipanuka, pafu linafuata. Sasa watu warefu na wembamba, hasa wavuta sigara, wakati mwingine huota kilengelenge juu kabisa ya pafu. Siku moja kinapasuka. Hewa inavuja, inaingia kati ya zile tando mbili, inazitenganisha. Pafu likishaachiwa, linasinyaa lenyewe, maana asili yake ni kujikunja kama mpira."

"Na maumivu?"

"Pafu lenyewe halina mishipa ya kusikia maumivu. Ule utando wa ukutani ndio unasikia, na unasikia sana. Hewa ikiingia ghafla pale, unachomwa. Kila akivuta pumzi unavutwa tena. Ndiyo maana anakatwa na kisu kisichokuwepo."

Akaitazama picha kwa muda. "Kwa hiyo hajalogwa."

"Hajalogwa."

Alasiri ile daktari alimpasua kidogo ubavuni, chini ya kwapa, akaingiza mpira mwembamba wa kutolea hewa, akauunganisha na chupa iliyowekwa sakafuni, mdomo wa mpira ukiwa umezama ndani ya maji. Chupa hiyo ni jambo rahisi na la akili. Hewa ya kifuani inatoka kupitia majini, na maji yanaizuia ya nje isirudi. Mapovu yakaanza mara moja. Yule kijana akavuta pumzi, akakomea katikati kwa mazoea ya hofu, akavuta tena ikafika mbali zaidi. Dada yake alikaa sakafuni kando ya chupa akiyatazama mapovu kama mtu anayeangalia chungu kichemke.

Kesho yake asubuhi nilipoingia kazini, mapovu yalikuwa bado yanatoka kila alipokohoa. Maana yake tundu la pafu halijaziba, hewa bado inavuja. Hilo si ajabu, huchukua siku. Daktari alikuwa ameagiza picha ya pili ili aone pafu limefunguka kiasi gani. Chumba cha eksirei kipo jengo jingine, unatoka nje, unavuka ua, unapanda mwinuko mfupi.

Sista Mkuu akaja na kibanio cha chuma mkononi. "Bana mpira kabla hajaondoka."

Nikamwambia, "Sista, bado unatoa mapovu. Tukiubana hewa itakwenda wapi?"

"Na chupa ikipinduka njiani? Hewa ya nje itaingia kifuani. Mgonjwa wa mpira wa kifua haondoki wodi hii bila kubanwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo inavyofanywa hapa tangu hujaja."

Angeweza mtu kuishika ile chupa chini ya kiuno cha mgonjwa mpaka kule na kurudi. Ningeweza kuishika mimi. Nilijua hilo. Lakini asubuhi ilikuwa imejaa, watu wawili wa ajali ya bodaboda walikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana na yule mama. Nikachukua kibanio nikaubana mpira kwa mkono wangu mwenyewe. Nimesimulia habari hii mara nyingi, na wako wanaopenda niiruke sehemu hii. Siiruki. Nilitii, na nikijua ninachokitii ni makosa.

Kilichonisaidia ni kwamba sikuweza kubaki wodini. Nilimwachia mwenzangu wale wa bodaboda nikafuata kile kitanda cha magurudumu. Mfukoni nilitia kanula kubwa mbili, zile sindano zenye mrija wa plastiki, na pamba yenye spiriti. Dada mtu alitembea upande mmoja, mimi upande mwingine.

Ukumbini mwa eksirei kulikuwa na foleni. Tukaambiwa tusubiri. Dakika tano za kwanza alikuwa anaongea, akimwambia dada yake ni rangi gani za vitenge zisisahauliwe. Kisha akaacha kuongea. Nilidhani amechoka. Halafu akaanza kuvua shuka, kuivuta, kuitupa, kama mtu mwenye joto.

"Mama, hewa hakuna," akasema. "Hewa hakuna."

Nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia na yalikuwa membamba. Jasho lilikuwa baridi. Nikaona mishipa ya shingo imesimama, minene kama kamba, ingawa alikuwa ameketi nusu wima. Nikaweka kidole juu ya kidari chake, pale bomba la pumzi linapoingia kifuani, pahali ambapo kwa kila mtu liko katikati. Lake lilikuwa limesukumwa kulia.

Nikafungua kile kibanio. Nikatazama chupa. Maji hayakutikisika. Damu kidogo iliyokuwa ndani ya mpira ilikuwa imeganda wakati imebanwa pale, ikaziba. Nikaukamua mpira kwa vidole, nikaunyoosha, nikaukamua tena. Hakuna povu hata moja.

Niseme wazi kilichokuwa kikitokea ndani ya kifua kile, kwa sababu wengi hufikiri mtu wa namna hii anakufa kwa kukosa pumzi tu. Lile tundu la pafu lilikuwa kama vali ya baiskeli. Akivuta pumzi, hewa inapita na kuingia kati ya tando. Akitoa pumzi, tundu linajifunga, hewa haitoki. Kila pumzi inaongeza kidogo juu ya ile iliyotangulia. Mpira ndio ulikuwa mlango wa pekee, na tulikuwa tumeufunga. Hewa ikikosa pa kutokea inajaa, inasukuma. Kwanza inalibana pafu lililokwisha kusinyaa. Kisha inausukuma moyo upande wa pili, pamoja na pafu zima lililobaki. Mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni ni laini, inabanwa, inapinda. Damu inakwama nje, ndiyo maana shingo inavimba. Moyo unapiga, unapiga mbio, lakini ndani yake hakuna cha kupiga. Presha inaanguka. Baada ya hapo ni dakika chache.

Nilimpigia daktari simu huku nimeshika shingo ya mgonjwa. "Ana nyumothoraksi ya shinikizo. Mpira umeziba. Nataka kumchoma sindano."

Nilisikia kelele za wodi nyuma yake. "Uko mlangoni kwa eksirei?"

"Niko mlangoni."

"Basi mwingize kwanza apigwe picha, tujue. Mimi nakuja."

"Daktari, picha ya jambo hili hupigwa mtu akiwa maiti."

"Usimchome, Sista. Si kazi yako. Nisubiri, nakuja."

Nikaiweka simu ndani ya mfuko bila kuikata. Midomo ya yule kijana ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya majivu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakiniona tena. Dada yake hakupiga kelele. Alinishika ukosi wa sare akanivuta karibu na uso wake.

"Unajua la kufanya?"

"Najua."

"Fanya."

Nilipapasa mtulinga wa kushoto, nikatafuta katikati yake, nikashuka nafasi ya kwanza kati ya mbavu, nikashuka ya pili. Nikapangusa kwa pamba. Sindano hupita juu ya ubavu wa chini, haipiti chini ya ubavu wa juu, kwa sababu mshipa wa damu na mshipa wa fahamu hujificha chini ya kila ubavu. Nikaisukuma moja kwa moja ndani, nikasikia ngozi, nikasikia nyama, kisha nikasikia mkono wangu unaanguka kwenye nafasi tupu.

Hewa ikatoka. Ukumbi mzima uliisikia, mlio kama wa tairi la baiskeli linalofunguliwa vali, mrefu, usiokwisha. Mzee mmoja kwenye foleni akainuka na kuhama benchi. Niliichomoa sindano ya chuma, nikaacha ule mrija wa plastiki ndani, nikaushika kwa vidole viwili. Mlio ukapungua. Nikahesabu pumzi zake. Kwenye ya sita mishipa ya shingo ililala. Baadaye kidogo mapigo ya mkono yakarudi kuwa kitu ninachoweza kukishika.

"Mama," akasema. "Nani amekalia kifua yangu?"

"Hakuna mtu. Ilikuwa hewa."

Daktari alifika anakimbia, koti limefunguka. Alimtazama mgonjwa, akatazama mrija, akatazama mkono wangu. Tulimrudisha wodini bila picha, na mle akaingiza mpira mpya. Safari hii mapovu yalitoka mengi. Safari zote za eksirei zilizofuata, chupa niliishika mimi, chini ya kitanda, na hakuna aliyeniletea kibanio.

Siku tatu baadaye nilipokea barua kutoka kwa msimamizi wa hospitali. Ilisema nimefanya tendo lililo nje ya kazi yangu, dhidi ya agizo la daktari, na kwamba ninatakiwa niandike barua ya kuomba radhi. Nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikaikunja. Nyumbani kwangu Bukoto nilikaa mezani na karatasi nyeupe. Mume wangu aliniambia niombe radhi yaishe, maneno mawili hayaui mtu. Nikamwambia kuna mtu nilimbana kwa sababu sikutaka ugomvi, naye alikaribia kufa kwa ajili ya amani yangu. Sitaandika.

Nikaandika kitu kingine. Niliandika saa niliyobana mpira, na nani aliyeagiza, na kwamba nilijua. Niliandika saa mapigo yalipobadilika, shingo ilivyokuwa, bomba la pumzi lilikokuwa, maji ya chupa yalivyotulia. Niliandika saa ya sindano na pumzi ngapi zilipita. Mwisho niliandika: kwa kumbana mgonjwa huyu ninaomba radhi kwake. Kwa kumchoma siombi.

Waliniita ofisini. Alikuwepo msimamizi wa hospitali, Sista Mkuu, na daktari mmoja mzee wa upasuaji. Msimamizi alisoma karatasi yangu kwa sauti. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Huoni hii ni jeuri?"

"Naona ni kumbukumbu, bwana."

"Daktari alikwambia usubiri."

"Aliniambia akiwa jengo jingine. Mimi nilikuwa nimeshika shingo."

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule daktari kijana, na hakuwa ameitwa. Alibaki amesimama. "Mimi ndiye niliyesema apigwe picha kwanza," akasema. "Kitabu kinasema usisubiri picha. Nililijua hilo kwenye mtihani. Kwenye simu nilisahau. Kama Sista huyu angenisikiliza, mngekuwa mmeniita mimi leo, kwa jambo lingine."

Daktari mzee wa upasuaji aligeukia Sista Mkuu, akamwuliza kwa upole ni nani alimfundisha kubana mpira unaotoa mapovu. Akataja mwalimu wake, marehemu siku nyingi. Alisema waliogopeshwa na chupa inayopinduka. Sauti yake ilikuwa imepungua. Wakati ule nikaona kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa ameshika jambo moja maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia aliachie. Lakini kumwonea huruma hakukunifanya niongeze neno kwenye karatasi.

Mkongomani alikaa siku tisa. Tundu liliziba, mpira ukatolewa, pafu likabaki limefunguka. Nilimwambia kwa Kiswahili changu cha askari mambo ambayo hakuna mwingine pale angeweza kumwambia: kwamba linaweza kurudi, na likirudi kisu chake anakijua, asikubali dawa za tumbo, akimbie hospitali. Kwamba sigara iishie Kampala. Kwamba asipande ndege mpaka daktari aseme pafu limepona, kwa sababu juu angani hewa iliyonaswa kifuani hutanuka. Akacheka, akasema hajawahi kupanda ndege. Dada yake alinipa kitenge cha bluu na manjano. Nilikataa, akakiweka begani mwangu akaondoka kabla sijakikunja.

Nilipewa onyo la maandishi. Lipo kwenye faili langu mpaka leo. Hakuna tangazo lililotolewa kuhusu vibanio. Viliondoka tu kwenye troli za wodi, kimoja kimoja, hadi siku moja nilipotafuta nikakuta hakuna. Sista Mkuu alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kuagana alinishika mkono muda mrefu kidogo kuliko alivyowashika wengine, akaniambia kwaheri kwa Kiswahili, kibovu kabisa, na nikaipokea.

Kila mwaka tunapokaguliwa kazi, msimamizi hufungua faili langu, hufika kwenye lile onyo, na kunikumbusha kwamba nikiandika ile barua ya radhi, hata mistari miwili, linaweza kuondolewa. Huwa namshukuru. Kisha namwomba aangalie kama karatasi yangu, ile yenye saa na mapigo, bado imebanwa nyuma yake. Ikiwepo natia sahihi ya ukaguzi na kurudi wodini.